Uamuzi wa kutengeneza au kununua

Uamuzi wa kutengeneza au kununua ni hesabu inayoonyesha kama kiwanda kijitengenezee kipuri au kikinunue kwa mkataba wa miaka kadhaa. Kwa kuwa anayetengeneza hulipa pesa nyingi mwanzoni na anayenunua hulipa kidogo kidogo, malipo yote hugeuzwa kwanza kuwa thamani ya sasa, yaani kiasi ambacho kikiwekwa leo kwa riba kitatosha kulipia deni la baadaye. Malipo ya mwaka wa n hugawanywa kwa (1 + r)^n, ambapo r ni kiwango cha punguzo.

Tuseme karakana ya Karatina inaunda mashine za kukatia majani ya ng'ombe, zinazouzwa kwa wafugaji wa Othaya na Mukurwe-ini. Kwa mwaka inahitaji jozi 1,000 za visu. Muuzaji anatoa mkataba wa miaka 4 kwa shilingi 900 kila jozi. Kujitengenezea kunahitaji mitambo ya shilingi 1,200,000 leo, shilingi 400 za chuma, umeme na vibarua kwa kila jozi, na shilingi 100,000 za matengenezo kila mwaka. Mwishoni mitambo itauzwa kwa shilingi 200,000. Kodi ya serikali imeachwa nje ya mfano huu.

Kwa kujumlisha tu, kutengeneza kunagharimu milioni 3.0 na kununua milioni 3.6, tofauti ya shilingi 600,000. Lakini karakana ikikopa kwa asilimia 14, shilingi moja inayolipwa kila mwisho wa mwaka kwa miaka 4 ina thamani ya sasa ya shilingi 2.9137. Kununua kunakuwa shilingi 2,622,330. Kutengeneza, baada ya kutoa thamani ya sasa ya mauzo ya mitambo, kunakuwa kama 2,538,000. Faida imebaki takriban shilingi 84,000.

Faida nyembamba hivyo hutegemea idadi ya visu. Gharama za njia hizo mbili hulingana kwenye jozi 942 hivi kwa mwaka. Ukame ukipunguza wanunuzi hadi jozi 800, kununua kunakuwa nafuu kwa takriban shilingi 207,000, kwani gharama ya mitambo na matengenezo haipungui visu vikipungua.

Kosa la kawaida ni kuhesabu uchakavu wa mitambo juu ya bei yake, ilhali uchakavu si pesa inayotoka. Kodi ya jengo nayo haihesabiwi ikiwa italipwa vyovyote vile. Lakini chumba ambacho kingepangishwa kikitumika kutengenezea visu, kodi inayokosekana ni gharama. Aidha, mkataba usomwe vizuri: ukilazimisha kulipia jozi 1,000 hata zisipohitajika, unafuu wa kununua mauzo yanaposhuka hautakuwapo.