Nusu ya saa ya sita: msemaji wa Kiswahili hukosea wapi katika saa za Kirusi

Walimu wengi wa Kirusi wanaofundisha wasemaji wa Kiswahili hudai kwamba saa huwatatiza wanafunzi wao kwa sababu sisi huanza kuhesabu kunapokucha, ilhali Warusi huanza usiku wa manane. Dai hili limerudiwa hadi likageuka kama ukweli, nami naona halina msingi. Mtu wa Nairobi au Dodoma hutoa na kujumlisha sita kila anaposoma tiketi ya ndege au kupanga kikao kwa Kiingereza. Isitoshe, tofauti ya saa sita ingezaa makosa ya saa sita. Kosa ninaloliona darasani ni la saa moja: mwanafunzi aliyeandikiwa *v polshestovo* hufika saa kumi na mbili na nusu jioni, mwenyeji wake akiwa amemsubiri tangu kumi na moja na nusu.

(Maneno ya Kirusi nayaandika hapa kama yanavyosikika; *-ovo* ya mwisho huandikwa kwa herufi ya g katika tahajia yao.)

Chanzo cha kosa kiko ndani ya saa yenyewe. Sisi tukisema saa tano na nusu, tunataja saa iliyokwisha kutimia kisha tunaiongezea nusu. Mrusi hutaja saa inayoendelea kujazwa. Saa 5:00 kamili ikishapita, kwake saa ya sita imeanza, na jina hilo halimtoki mdomoni hadi itimie. Saa 5:10 ni *desyat minut shestovo*, yaani dakika kumi za saa ya sita. Saa 5:30 ni *polovina shestovo*, au kwa kifupi *polshestovo*, nusu ya hiyo saa ya sita. Saa 5:50 ni *bez desyati shest*, sita kasoro dakika kumi. Na mtu asiyetaka kutaja dakika husema *v shestom chasu*, katika saa ya sita, akiwa na maana ya baada ya saa 5:00. Namba sita ndiyo inayotawala dakika zote hizo. Vitabu vinavyoifundisha nusu kama msemo wa pekee, wa kukaririwa kando, vinamnyima mwanafunzi mfumo ambao ungemwezesha kuikisia mwenyewe.

Kwetu kasoro nayo hutazama saa ijayo, na ndiyo maana *bez* haimsumbui mtu. Ugumu umo katika nusu saa ya kwanza, pale Kiswahili kinapotazama nyuma na Kirusi kinapotazama mbele.

Tuchukue ujumbe wa kawaida wa miadi: *Davayte vstretimsya v sredu, pyatovo marta, v polovine shestovo*. Tukutane Jumatano, tarehe tano Machi, saa kumi na moja na nusu. Siku imepewa kihusishi *v* na umbo la yambwa, *sredu*. Tarehe haina kihusishi chochote. Umilikaji wa *pyatovo* peke yake unatosha, na anayeongeza *v* hapo hujulikana mara moja kuwa mgeni. Mwezi ukisimama bila tarehe hurudishiwa *v*, lakini kwa umbo la mahali: *v marte*. Wiki nayo hudai *na*: *na etoy nedele*, wiki hii.

Makosa ya vihusishi hivi huchekesha tu, wala hayampotezei mtu miadi. Kinachopoteza miadi ni *pyatovo* na *shestovo* kukaa jirani. Mwanafunzi amefundishwa, na kwa haki, kwamba namba ya mpangilio huashiria tarehe na ya kuhesabia huashiria saa: *k pyatomu* ni ifikapo tarehe tano, *k pyati* ni ifikapo saa 5:00. Kisha anakutana na *do polovinï shestovo*, ambapo namba ya mpangilio ni ya saa. Kanuni yake inamwangusha, naye anakimbilia sita na nusu.

Nitaambiwa kwamba siku hizi watu huandika 17:30 na mambo yakaisha. Ni kweli kwa ratiba za treni na barua za ofisi, na mwanafunzi anaweza kujiandikia hivyo maisha yake yote. Lakini hawezi kumchagulia mwenzake maneno, na katika ujumbe wa sauti *polshestovo* ni fupi kuliko *semnadtsat tridtsat*.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba huenda makosa ya saa sita hutokea pia, ila hujisahihisha: hakuna anayeamini kwamba ameitwa kikaoni saa tano na nusu usiku. Kosa la saa moja haligutushi mtu. Hoja hiyo naipokea, na inapunguza nguvu ya ushahidi wangu kuhusu wingi wa makosa. Haigusi swali la lipi lifundishwe kwanza, kwa kuwa kosa linalojisahihisha halihitaji kipindi darasani.