Haidrografu: mto hupanda kwa saa, hushuka kwa miezi

Dar es Salaam ina mito miwili inayoisumbua kwa namna mbili tofauti. Msimbazi, unaoanzia vilima vya Pugu na kupita Jangwani kabla ya kuingia baharini, huleta mafuriko. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi Barabara ya Morogoro haipitiki pale Jangwani, na mvua ikikatika maji huondoka upesi kama yalivyokuja. Ruvu, unaotoka milima ya Uluguru na kuingia baharini karibu na Bagamoyo, huleta kiu. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji huchotwa humo, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mwaka 2022 mvua za vuli zilipokawia, mto ulipungua hadi wakazi wakatangaziwa mgawo wa maji.

Wataalamu wa maji huisoma mito yote miwili kwa mchoro wa aina moja, nao ndio haidrografu. Ni grafu yenye muda kwenye mhimili wa mlalo na kiasi cha maji yanayopita mahali pamoja mtoni kwenye mhimili wa wima, kwa mita za ujazo kwa sekunde. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Jina limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, la maji na la kuchora, na lisichanganywe na haidrografia, ambayo ni elimu ya kupima na kuchora ramani za bahari na maji mengine. Asiyelipenda neno la kukopa anaweza kusema “mchoro wa mtiririko” bila kupoteza kitu. Kosa ni kusema “mchoro wa kina”, kwa sababu kina na mtiririko havipandi kwa kiwango kimoja. Maji yakiongezeka mita moja pale mto ulipo mpana na wenye kasi, mtiririko unaweza kuongezeka mara nne au tano.

Tuchukue mto wa mfano wenye dakio la kilomita za mraba 500. Dakio ni eneo lote ambalo mvua yake huishia kwenye mto huo. Kabla ya mvua unapitisha mita za ujazo 20 kwa sekunde. Inanyesha milimita 80 juu ya dakio lote. Mwanzoni mchoro hautikisiki, maana maji bado yananywea ardhini na kujaza madimbwi. Kisha mstari unainuka kwa ghafla. Huo ni mkono wa kupanda. Saa 11 tangu ulipoanza kuinuka, unafikia kilele cha mita za ujazo 180. Baada ya hapo unateremka, haraka kwanza halafu polepole, na yapata saa 24 baada ya kilele maji yaliyotiririka juu ya ardhi yamekwisha kupita.

Umbo hilo lina hesabu ndani yake. Juu ya zile mita 20 za awali kuna pembetatu yenye kimo cha mita za ujazo 160 kwa sekunde na kitako cha saa 35. Eneo lake ni takriban mita za ujazo milioni 10. Yakitandazwa sawasawa juu ya dakio, yanakuwa na kina cha milimita 20. Mvua ilikuwa milimita 80, kwa hiyo robo imekimbilia mtoni na robo tatu imebaki kwenye majani, kwenye udongo na chini zaidi. Mvua ileile ingenyesha juu ya mabati, lami na saruji, sehemu inayokimbia ingekuwa kubwa zaidi, mkono wa kupanda ungesimama wima na kilele kingekuja mapema. Hiyo ndiyo habari ya Msimbazi, na ndiyo sababu onyo la mafuriko yake lina muda mfupi mno.

Kilele ndicho kinachotangazwa redioni, lakini ndicho pia chenye mashaka makubwa kuliko sehemu zote za mchoro. Hakuna mtu anayeingia na kifaa cha kupimia kasi ya maji kwenye mto uliofurika na kubeba magogo. Kinachosomwa ni kimo cha maji kwenye rula iliyosimikwa kando ya mto, kisha kimo hicho hugeuzwa kuwa mtiririko kwa jedwali lililotengenezwa siku ambazo mto ulikuwa mtulivu. Juu ya kimo cha mwisho kilichowahi kupimwa, jedwali ni makisio. Zaidi ya hapo, msomaji wa rula kwa kawaida hufika asubuhi na jioni, wakati kilele cha mto mdogo kinaweza kupita saa nane za usiku bila shahidi. Ukiona mchoro wa mto wa mjini wenye vilele vyote saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, ujue umeona ratiba ya msomaji. Na kilele kilichokatwa bapa mara nyingi kinaonyesha kwamba maji yalivuka kingo mahali fulani huko juu yakaenda kulala mashambani, ingawa wakati mwingine ni rula tu iliyofunikwa.

Ndiyo maana mimi huanza kuusoma mchoro kutoka nyuma, kwenye sehemu inayodharauliwa.

Sehemu hiyo inaitwaje kwa Kiswahili? Neno la kwanza linalomjia mtu wa pwani ni kupwa. Ni zuri, lakini linapotosha: maji ya bahari hujaa na kupwa kwa muda unaokaribiana, yapata saa sita kila upande, na mwezi ndio unaoyaamuru. Mto hupanda kwa amri ya mvua na hushuka kwa amri ya ardhi. Nachagua “mkono wa kupungua”, na ule mwisho wake mrefu nauita mkia. Maji yanayobaki kupita kwenye mkia wengine huyaita “mtiririko wa kiangazi”. Jina hilo halitoshi, kwa sababu maji hayohayo hupita masika pia, chini ya mafuriko, tena yakiwa mengi zaidi. “Mtiririko wa msingi” linafaa: ni yale yanayovuja kutoka kwenye udongo na nyufa za miamba, mvua iwepo au isiwepo.

Mkia una kanuni yake. Mfaransa Edmond Maillet aliieleza mwaka 1905 alipochunguza maji ya chemchemi: akiba iliyo ardhini ikipungua, nguvu ya kuisukuma nje nayo hupungua, kwa hiyo mtiririko wa kila siku ni sehemu ileile ya mtiririko wa jana. Ikiandikwa kwa herufi:

Q = Q₀ × kᵗ

Q₀ ni mtiririko wa siku ya kuanza kuhesabu, t ni idadi ya siku zilizopita, na k ni uwiano wa siku moja kwa iliyotangulia. Kuipata k hakuhitaji kompyuta. Chagua siku kumi ambazo mvua haikunyesha popote kwenye dakio, gawanya mtiririko wa mwisho kwa wa mwanzo, halafu tafuta kipeuo cha kumi cha jibu. Kama mto ulikuwa na mita za ujazo 40 na siku kumi baadaye una 32.7, k ni 0.98. Rudia kwa vipindi vingine vikavu, miaka tofauti, uone kama majibu yanakaribiana.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo kiangazini. Masika yamekwisha na tarehe 1 Juni mto wa ukubwa wa kati una mita za ujazo 40 kwa sekunde. Kwa k ya 0.98, mtiririko hupungua kwa nusu kila siku 34 hivi: mwanzoni mwa Julai ni karibu 22, mwishoni mwa Julai ni 12, na baada ya siku 90, mwishoni mwa Agosti, ni 6.5. Sasa punguza k kidogo tu iwe 0.97. Nusu inakuja kila siku 23, na mwishoni mwa Agosti mto umebaki na 2.6. Tofauti ya asilimia moja kwa siku, ambayo jicho haliioni kwenye rula, imekula zaidi ya nusu ya maji ya Agosti. Mito hiyo miwili ya mfano ilikuwa sawa tarehe 1 Juni, na mtu aliyesimama darajani siku hiyo asingeitofautisha.

Kinachoamua k ni ardhi. Miteremko ya mashariki ya Uluguru katika baadhi ya sehemu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na palipo na msitu wenye udongo mzito wa majani, sehemu nzuri ya mvua hiyo hunywea na kutoka taratibu. Udongo ukishindiliwa au kuchukuliwa na mmomonyoko, maji yaleyale hupita juu: kilele kinanenepa na mkia unakonda. Lakini tahadhari inahitajika kabla ya kuulaumu mlima. Mkia unaoteremka kwa vidato, badala ya mteremko laini, unaashiria mkono wa mtu, labda mifereji ya umwagiliaji iliyofunguliwa au pampu zilizowashwa. Ukitaka kujua, chora mkia kwenye karatasi ya nusu-logi. Kanuni ikifuatwa utapata mstari unaokaribia kunyooka. Ukivunjika ghafla kuelekea chini mwezi Julai, wakati udongo haukubadilika kati ya Juni na Julai, nenda juu ya mto ukaangalie nani ameanza kuchota. Ukivunjika kuelekea juu bila mvua, huenda kuna bwawa linaloachia maji au mchanga umejaa chini ya rula na kuinua kimo.

Kanuni ina mipaka. Dakio lenye miamba ya aina mbili huwa na mkia wa vipande viwili, kila kimoja na k yake. Ukiikadiria k kutoka kwenye kipande cha kwanza, cha haraka, utatabiri ukame ambao hautakuja. Mto unaopita kwenye uwanda wa mafuriko, kama Ruvu sehemu za chini, hurudishiwa maji na mabwawa ya pembeni kwa wiki kadhaa, na hapo mkia unaonekana mnene kuliko ardhi inavyostahili. Kwa hiyo anza kuhesabu baada ya mabwawa hayo kukauka, hata kama ni kupoteza wiki tatu za mwanzo.

Hata pamoja na mipaka hiyo, wiki chache kavu za Juni zinatosha kukadiria maji ya Agosti na Septemba kama vuli haijaanza, kwa rula, daftari na kikokotoo. Mgawo wa maji unaotangazwa Oktoba, mto ukiwa umeshakauka, umechelewa miezi mitatu.