Aisingi ya Ute na Hewa ya Tanga

Maelekezo ya biskuti za kupamba yanayotoka Ulaya na Marekani humalizika karibu yote kwa agizo lilelile: ziache mezani zikauke usiku kucha. Mwokaji wa Nguvumali, jijini Tanga, akilifuata agizo hilo mwezi Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, anaweza kuamka akakuta aisingi inanata kidoleni na rangi nyeusi imetambaa hadi ndani ya njano. Huenda vipimo vyake vilikuwa sahihi vyote. Kilichomponza ni usiku wenyewe, kwa sababu usiku wa pwani ndio wakati ambao asilimia ya unyevu wa hewa hupanda kuliko saa nyingine zote.

Aisingi inayozungumzwa hapa ni ile inayokauka ikawa ngumu, inayotengenezwa kwa ute wa yai na sukari ya unga, ambayo madukani huitwa aisingi shuga. Waingereza waliipa jina la kifalme, na mara nyingi jina hilo huhusishwa na keki ya harusi ya Malkia Victoria ya mwaka 1840. Kuiita “aisingi ya kifalme” ni kutafsiri sifa na kuacha kitu chenyewe nje. “Aisingi ya ute” inamfaa zaidi msomaji wa Kiswahili, maana inamwambia papo hapo kilichomo, na inaitenga na aisingi ya siagi, ambayo haikauki ikawa ngumu hivyo.

Kazi yake kwenye biskuti ina hatua mbili. Kwanza mwokaji huzungushia ukingo, yaani hubana mstari mwembamba kufuata umbo la biskuti au mpaka wa kila rangi. Kisha hujaza ndani ya ukingo huo kwa aisingi nyepesi inayojisambaza yenyewe. Wapo wanaosema “kufurikisha”, wakifuata Kiingereza neno kwa neno, lakini maji yakifurika yamevuka kingo, na hapa sharti ni aisingi ifike ukingoni ikome. “Kujaza” ndilo neno.

Hatua hizo mbili hutofautiana kwa kitu kimoja tu: uzito. Jikoni neno hilo halina utata, kwa kuwa kila mpishi anajua uji mzito na uji mwepesi bila kuweka chochote kwenye mizani. Kamusi za sayansi zina neno “mnato” kwa ukinzani wa kiowevu kutiririka, na kwa mwanafizikia ni neno zuri. Kwa mwokaji linaleta vurugu, kwa kuwa aisingi inayonata ni aisingi yenye kasoro, hata kama uzito wake ulikuwa barabara. Afadhali uzito ubaki kuwa sifa ya aisingi ikiwa mbichi, na kunata kuwe jina la ugonjwa wake baada ya kumwagwa.

Ili kuuelewa uzito huo, inafaa kujua kilichomo bakulini. Ute wa mayai mawili makubwa una gramu 65 hivi, na sehemu kubwa yake ni maji, kama gramu 57. Sukari inayotiwa ni gramu 450. Katika joto la kawaida gramu moja ya maji huyeyusha gramu mbili hivi za sukari, basi maji yote yale hayawezi kuyeyusha zaidi ya gramu 115. Hiyo ni robo tu ya sukari. Robo tatu zilizobaki huendelea kuwa punje ndogo sana zinazoelea ndani ya shira, zimesongamana, na protini ya ute pamoja na vipovu vya hewa vikizishikilia.

Hapo ndipo linapoonekana jambo linalowashangaza wengi: kwa nini vijiko viwili vya maji vinaweza kuigeuza aisingi ya ukingo kuwa nyepesi mno. Kijiko cha chai kina mililita 5, lakini mililita hizo huyeyusha gramu 10 za punje. Shira imeongezeka kwa gramu 15, na wakati huohuo punje zilizokuwa zikiizuia zimepungua. Ndiyo maana maji ya kulegezea hutiwa kwa matone, si kwa kijiko, na kila mara aisingi hukorogwa polepole na kuachwa kwa dakika moja kabla ya kuongeza mengine.

Kipimo cha uzito ni kisu na kuhesabu. Mwokaji hupitisha kisu katikati ya bakuli, kisha huhesabu sekunde mpaka ufa ule ujifunike na uso uwe laini tena. Aisingi ya kujaza hujifunika kwa sekunde 10 hadi 15. Ikijifunika kabla ya sekunde 8 ni nyepesi mno: itamwagika nje ya ukingo, itachelewa kukauka, na sehemu ndogo zitabonyea katikati. Aisingi ya ukingo haijifuniki kwa haraka hivyo, nayo mwiko ukiinuliwa huacha ncha inayosimama na kuinama kidogo tu kileleni. Ikikatika inapobanwa kwenye mfuko, ni nzito kupita kiasi.

Sasa kukauka. Watu husema aisingi inakauka kama vile ni lazima, lakini maji huondoka kwenye shira kwa sharti moja: hewa iwe kavu kuliko shira. Shira ya sukari iliyokolea kabisa hulingana na hewa yenye unyevu wa asilimia 85 hivi. Hewa ikiwa chini ya hapo, maji hutoka, sukari hujenga fuwele, na ganda gumu hutokea. Ikipanda juu ya hapo, mambo hugeuka: aisingi hunywa maji kutoka hewani, na hata iliyokwisha kukauka hulowa upya. Tanga, hasa wakati wa masika, hewa ya usiku na alfajiri huuvuka mpaka huo mara kwa mara. Saa za mchana, jua likiwaka, unyevu huteremka. Kwa hiyo mwokaji wa Nguvumali anayejaza biskuti zake saa 4 asubuhi ana mchana mzima wa kuzikausha, na anayejaza saa 2 usiku anaziweka mikononi mwa hewa ya maji.

Mpaka wenyewe unaweza kushushwa na mwokaji bila kujua. Glukosi na gliserini, ambazo wengine hutia ili aisingi isiwe ngumu kama jiwe, zina tabia ya kung'ang'ania maji. Rangi nyingi za jeli zimetengenezwa kwa vitu vya namna hiyo, na ndiyo maana nyeusi au nyekundu iliyokolezwa sana hunata siku ambayo nyeupe iliyomwagwa pamoja nayo imeshakauka. Mafuta nayo huharibu kwa njia nyingine. Chembe ya kiini cha yai, au bakuli la plastiki lenye masalia ya mafuta, huzuia ute usiumuke vizuri, na aisingi hubaki legelege.

Feni husaidia, ila si kwa sababu wanayoidhani watu wengi. Haipunguzi unyevu wa hewa. Huondoa tu tabaka la hewa lililokwisha kulowa juu ya biskuti na kuleta jingine. Kama hewa yote ya chumba ina asilimia 90, feni inaileta hewa mbaya kwa kasi zaidi. Kinachobadilisha hali ni joto. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 90 ikipashwa hadi nyuzi 35, unyevu wake hushuka hadi asilimia 51 hivi, ingawa maji yaliyomo ni yaleyale. Tanuri lililowashwa kidogo likazimwa, mlango ukaachwa wazi kiasi, linatosha kuleta ganda kwa nusu saa. Joto lisipite nyuzi hizo 35, kwa kuwa siagi iliyomo kwenye biskuti huyeyuka kwenye joto la mwili na kupanda juu kama mabaka ya mafuta.

Asiye na kifaa cha kupimia unyevu anaweza kuitazama chumvi. Chumvi safi ya mezani huanza kulowa hewa ikifika asilimia 75 hivi, yaani kabla ya sukari. Kisahani cha chumvi kikiwa kikavu, kazi iendelee. Kikianza kulowa, nafasi ya kukausha imebaki finyu. Chumvi ya mawe kutoka mashamba ya pwani haifai kwa jaribio hili, maana ina magnesi, nayo hulowa mapema zaidi.

Rangi kuchuja ni matokeo ya maji yaleyale kukaa muda mrefu. Neno tumelichukua kwenye kanga, na linafaa, kwa sababu kinachotokea ni kilekile: rangi inayoyeyuka majini husafiri popote maji yanapokwenda. Aisingi iliyokauka ina vitundu vidogo mno kati ya fuwele zake. Nyeusi mbichi ikiwekwa kando ya njano iliyokauka, maji yake hunyonywa na vitundu hivyo, na rangi hufuata. Kadiri aisingi ilivyo nyepesi, rangi ilivyo nyingi, na hewa ilivyo na unyevu, ndivyo safari hiyo inavyorefuka.

Tuseme basi oda ni biskuti za bendera ya Tanzania kwa ajili ya Desemba 9. Bendera hiyo, iliyopitishwa mwaka 1964, ni mtihani mgumu: mkanda mweusi wa mshazari umebanwa na mistari miwili ya njano, kijani iko juu upande wa mlingoti na buluu chini upande wa pili. Nyeusi na njano zinagusana urefu wote wa biskuti. Anayezijaza zote kwa pamoja atapata njano chafu kesho yake.

Njia salama huanza siku iliyotangulia. Nyeusi hutengenezwa kwa kutia kwanza kakao hadi aisingi iwe ya kahawia iliyoiva, ndipo jeli nyeusi kidogo iongezwe, na bakuli lifunikwe mpaka kesho. Rangi hukolea yenyewe kwa saa kadhaa, kwa hiyo kiasi kinachoonekana pungufu usiku huwa kimetosha asubuhi. Ikipangwa hivyo, jeli inayotumika ni kidogo sana. Asubuhi aisingi ikorogwe tena, kwa sababu ikilala shira hujitenga na kuzama chini, na anayemwaga bila kukoroga humwaga maji yenye rangi.

Mkanda mweusi hujazwa wa kwanza, kwa aisingi ya sekunde 15, na kukaushwa kabisa mpaka ung'avu wa majimaji uishe. Kijani na buluu hufuata, pakiachwa mwanya mwembamba kati yake na mkanda. Njano huja mwisho, tena haijazwi. Hubanwa kama mstari, kwa aisingi nzito ya ukingo, juu ya ule mwanya. Ina maji machache ya kuamsha rangi jirani, na unene wake huficha mashono ya pande zote mbili.

Zikishakauka ziingie kwenye chombo kisichopitisha hewa siku hiyohiyo, kabla ya magharibi. Zikiwekwa kwenye friji, chombo kisifunguliwe mpaka kipoteze ubaridi wote, la sivyo umande wa hewa ya Tanga utatua juu ya aisingi na kuchujisha kila kitu. Biskuti iliyonata tu inaweza kurudishwa kwenye tanuri vuguvugu na ikapona. Iliyochuja haina dawa; la kufanya ni kukwangua aisingi yote na kuijaza upya, au kuila.