Mshahara wa Mke, Kodi ya Mume

Mnamo Septemba 1912 mwalimu mmoja wa London, Mark Wilks, alitiwa gerezani Brixton kwa sababu ya kodi ya mapato ambayo si yeye aliyeyapata. Mkewe, Elizabeth Wilks, alikuwa daktari mwenye kipato kikubwa kuliko chake. Maafisa wa kodi walipotaka kumtoza Elizabeth, alijibu kwamba sheria haimtambui mwanamke aliyeolewa kuwa mlipa kodi, na katika hilo sheria ilikuwa upande wake. Tangu 1806 sheria ya Uingereza ilisema mapato ya mke anayeishi na mumewe yahesabiwe kuwa mapato ya mume. Basi deni likamwangukia mwalimu, naye hakuwa na fedha za kulilipa wala uwezo wa kumlazimisha mkewe amwonyeshe hesabu zake, kwani tangu sheria ya mali ya wanawake ya 1882 mali ya mke ilikuwa ya mke mwenyewe. Baada ya majuma kama mawili aliachiliwa pasipo kulipa. Sheria moja ilimpa mke mali yake na nyingine ikampa mume bili ya mali hiyo, na hali hiyo iliendelea hadi 1990.

Watu wengi hudhani jambo la msingi katika kodi ya wanandoa ni nani anajaza fomu. Historia ya Uingereza inaonyesha kwamba fomu ni sehemu ndogo tu. Mwaka 1914, kelele za wanawake zilipozidi, Bunge liliruhusu mume na mke wakadiriwe mbalimbali wakipenda. Kila mmoja angepata karatasi yake na kulipa fungu lake. Lakini afisa wa kodi aliendelea kujumlisha mapato ya wote wawili kwanza, akapiga hesabu ya kodi ya jumla hiyo, kisha akaigawa. Jumla haikupungua hata peni moja. Utengano wa kweli hupatikana pale kila mtu anapoanza hesabu yake kutoka sifuri, akiwa na kiasi chake kisichotozwa kodi na viwango vyake vya chini. Mapato yakijumlishwa, shilingi ya kwanza ya mwenye kipato cha pili hukaa juu ya shilingi ya mwisho ya mwenzake, na hutozwa kwa kiwango cha juu alichofikia mwenzake.

Mwaka wa fedha wa 1988/89 unaonyesha hilo kwa tarakimu. Kiwango cha kawaida kilikuwa asilimia 25 kwa pauni 19,300 za kwanza zinazotozwa kodi, na kilichozidi hapo kilitozwa asilimia 40. Mtu asiye na ndoa alisamehewa kodi kwenye pauni 2,605, mwanamume aliyeoa kwenye pauni 4,095, na mke mwenye kazi alikuwa na msamaha wa pauni 2,605 kwa mapato ya jasho lake. Tuseme mume alipata 20,000 na mke 15,000. Kwa hesabu ya pamoja, pauni 35,000 zilipunguzwa misamaha ya 6,700, zikabaki 28,300, na kodi ikawa 8,425. Tangu 1972, hata hivyo, wanandoa waliweza kutia saini pamoja ili mshahara wa mke utozwe peke yake. Sharti lilikuwa mume apoteze msamaha wake mkubwa na kuhesabiwa kama asiyeoa. Kwa njia hiyo hakuna aliyefikia asilimia 40, na kodi ya wote wawili ikashuka hadi pauni 7,447.50.

Wachukue sasa mume wa pauni 12,000 na mke wa 6,000. Wakihesabiwa pamoja walilipa 2,825. Wakihesabiwa mbalimbali walilipa 3,197.50, kwa kuwa hawakuwa na kiwango cha juu cha kukikwepa na msamaha wa ndoa waliupoteza bure. Uhuru wa mke kuhesabiwa kama mtu kamili uliwafaa wenye mishahara minono, na wenye kipato cha wastani ukawagharimu pauni 372.50 kwa mwaka. Tena chaguo hilo lilihusu mapato ya kazi pekee. Riba na gawio la mke, hata la urithi wa wazazi wake, liliendelea kuhesabiwa kwa mume, naye ilimpasa alitaje katika ritani yake. Mke hakuwa na siri ya akiba yake. Hadi 1978 hata kodi iliyokatwa zaidi kwenye mshahara wa mke ilirudishwa kwa mume.

Watetezi wa kujumlisha walikuwa na hoja nzito, nayo isipuuzwe. Tume ya Kifalme ya 1920 ilishikilia kwamba uwezo wa kulipa hupimwa kwa nyumba: watu wanaokula chungu kimoja na kulipa pango moja wana nguvu moja ya fedha, hivyo nyumba mbili zenye kipato sawa zilipe sawa. Ikiwa nyumba moja ina mtu mmoja wa pauni 30,000 na nyingine ina wawili wa 15,000 kila mmoja, kwa nini ya kwanza ilipe zaidi? Jibu langu ni kwamba nyumba hizo hazina uwezo sawa. Ya kwanza ina mtu mzima anayeweza kulea watoto, kupika na kumwuguza mgonjwa bila mshahara, na kazi hiyo haitozwi kodi. Ya pili hununua huduma hizo kwa fedha zilizokwisha kukatwa kodi, au huzifanya usiku. Zaidi ya hapo, hoja ya chungu kimoja huchukulia kwamba fedha zinagawanywa kwa haki ndani ya nyumba, jambo ambalo afisa wa kodi hana njia ya kulijua. Kama nia ni kusaidia walezi wa watoto, posho ya watoto huwafikia moja kwa moja.

Pingamizi la pili ni la hila. Kila mtu akitozwa peke yake, mwenye mapato makubwa anaweza kuhamisha hisa au nyumba za kupangisha kwa mwenzake wa kiwango cha chini. Hili ni kweli. Mwaka 2007 Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu wakati huo, liliamua kesi ya wanandoa wa jina la Jones, waliogawana hisa za kampuni ndogo ambayo mume ndiye aliyeizalishia karibu mapato yote. Mamlaka ya kodi ilishindwa. Lakini anayemhamishia mwenzake mali anaitoa kweli, na ndoa ikivunjika haitarudi kwa sababu tu ilihamishwa kwa ajili ya kodi. Gharama hiyo huizuia hila kuliko sheria nyingi.

Waziri wa Fedha Nigel Lawson alitangaza mageuzi katika bajeti ya 1988, nayo yakaanza tarehe 6 Aprili 1990. Kila mmoja alipata msamaha wake wa pauni 3,005 kwa mapato ya kila aina na ritani yake ya siri. Palibaki nyongeza ya ndoa ya pauni 1,720, iliyokwenda kwa mume kwanza, ikafutwa mwaka 2000 isipokuwa kwa wazee.

Afrika Mashariki ilirithi kanuni ya zamani. Kodi ya mapato iliingia Kenya mwaka 1937 chini ya Waingereza, na sheria ya Kenya huru ya 1973, kifungu cha 45, iliandikwa kwa mtindo ule ule: mapato ya mke anayeishi na mumewe yahesabiwe kuwa ya mume. Marekebisho ya baadaye yalimruhusu mke kutoa ritani yake kwa mapato ya ajira, ya taaluma na ya kujiajiri, yaani ya jasho, kama Uingereza ya 1972. Kwa fedha, kilichobaki kilikuwa na uzito mdogo kuliko zamani, kwa sababu riba ya benki na gawio kwa mkazi wa Kenya kwa kawaida hukatwa kodi ya mwisho kwenye chanzo, na kujumlisha hakuongezi kitu. Uzito uliobaki ulikuwa wa kisheria, kuhusu nani anawajibika na nani anaruhusiwa kuona. Fomu ya mtandaoni ya iTax nayo imekuwa ikimwuliza anayeijaza kama anataka kutangaza mapato ya mke. Mke mwenye PIN yake na ritani yake hana sababu ya kuona mapato yake katika ritani ya mumewe, na yakitokea pande zote mbili, mapato yale yale yatatozwa mara mbili mpaka mmoja wao arekebishe ritani.