Ramani ya Usiku Mmoja na Ugomvi wa Mstari Ulionyooka

Tarehe 21 Novemba ni siku aliyozaliwa Alfred Sturtevant, mwaka 1891, mtoto wa mkulima aliyekulia Alabama akichora nasaba za farasi wa baba yake. Wanafunzi wetu wa kidato cha tano na cha sita wanapiga hesabu za ramani ya jeni alizozianzisha bila kulijua jina lake. Wanakariri kanuni, wanagawa, wanazidisha kwa mia, wanapata maksi. Kwa nini hesabu ile ilihitaji jeni tatu badala ya mbili, wachache sana huambiwa, nami naona huko ni kuwanyima nusu ya somo.

Chimbuko linafahamika. Mwaka 1905 Bateson na Punnett, huko Uingereza, waliona kwamba baadhi ya sifa za njegere za mapambo hurithiwa pamoja mara nyingi kuliko Mendel alivyotarajia. Mwaka 1910 Thomas Hunt Morgan alimpata nzi dume mwenye macho meupe katika chumba chake kidogo cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilichojaa chupa za maziwa na harufu ya ndizi mbivu. Punde alikuwa na sifa kadhaa zinazorithiwa kupitia kromosomu ya X, na akadai kwamba jeni zikiwa karibu katika kromosomu hubaki pamoja, zikiwa mbali hutenganishwa mara nyingi, kwa sababu kromosomu mbili za jozi hubadilishana vipande yai linapoundwa.

Mwishoni mwa 1911 Sturtevant, bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza, alikuwa akizungumza na Morgan wazo likamjia: kama kutengana kunategemea umbali, basi asilimia ya watoto waliotenganishiwa sifa ni kipimo cha umbali. Katika kitabu chake cha historia ya jenetiki cha 1965 anasimulia kwamba alirudi nyumbani na takwimu, akaacha kazi za darasani, na kukesha sehemu kubwa ya usiku. Kulipokucha, ramani ya kwanza ya jeni duniani ilikuwa mezani. Ilichapishwa 1913: mwili wa njano 0.0, macho meupe 1.0, macho mekundu makali 30.7, mbawa ndogo 33.7, mbawa zilizodumaa 57.6. Ramani ya leo inasoma 0.0, 1.5, 33.0, 36.1 na 54.5. Mpangilio haujabadilika hata kidogo.

Lakini ramani hiyo ilikuwa na kasoro iliyomkera mtu mmoja mzito. William Castle wa Harvard, ambaye ndiye aliyetangulia kufuga nzi hawa maabara kabla ya Morgan, aliandika mwaka 1919 kwamba jeni hazijapangwa katika mstari hata kidogo. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Ukipima jeni ya kwanza hadi ya pili, kisha ya pili hadi ya tatu, jumla yake huzidi kile unachopata ukipima ya kwanza hadi ya tatu moja kwa moja. Mstari ulionyooka hauna tabia hiyo. Castle akachukua nyaya, akazikata kwa urefu unaolingana na asilimia, akaziunganisha, na umbo likamtokea lenye pande tatu. Wengine wakaliita mtego wa panya.

Ili kuona kosa lilikuwa wapi, tuchukue mfano wa darasani. Namba nimezipanga mwenyewe, ila sifa ni za kweli na ziko katika kromosomu ya X: mbawa zisizo na mishipa ya kukingama, mbawa zenye kingo zilizokatika, na macho mekundu makali. Nzi jike ana sifa zote tatu katika X moja na hana hata moja katika nyingine. Tunawahesabu wanawe wa kiume tu, kwa kuwa X yao yote imetoka kwa mama na hakuna kinachoifunika. Katika 1,000, wa kawaida kabisa ni 409 na wenye sifa zote tatu 403. Hawa ni wale ambao kromosomu haikubadilishana kitu kati ya jeni hizo. Wasio na mishipa tu ni 30, wenye kingo na macho 28. Wasio na mishipa na wenye kingo 64, wenye macho tu 61. Mwisho, wenye kingo pekee 3, na wasio na mishipa wenye macho 2.

Anza na kundi dogo kuliko yote, hao watano. Walinganishe na wazazi: sifa iliyobadili upande peke yake ni ya kingo. Kwa hiyo jeni ya kingo ndiyo iliyo katikati, maana ili itoke peke yake kromosomu lazima ivukane mara mbili, kushoto kwake na kulia kwake. Kisha hesabu. Kati ya mishipa na kingo: 30, 28 na wale 5, jumla 63, yaani 6.3. Kati ya kingo na macho: 64, 61 na tena wale 5, jumla 130, yaani 13.0. Umbali wote ni 19.3. Sasa sahau jeni ya katikati, upime mishipa na macho tu. Utapata 183, yaani 18.3. Lile pengo la Castle limejitokeza.

Limetoka wapi? Kwa wale watano. Kuvukana kwao mara mbili kumezirudisha jeni za ncha pamoja, kama abiria aliyevuka kivuko cha Kigamboni asubuhi na kurejea mchana: ukimtafuta jioni utamkuta upande uleule, nawe utasema hakusafiri. Kila mmoja alivukana mara mbili na hakuhesabiwa hata mara moja, ndiyo maana pengo ni mara mbili ya 5 katika 1,000, yaani 1.0 kamili. Jeni ya tatu, ile ya kati, ndiyo inayowaumbua.

Hermann Muller, mwenzake Sturtevant katika chumba kile, alimjibu Castle mwaka 1920, na kwa maoni yangu alimmaliza. Alionyesha kwamba Castle alichanganya namba za majaribio tofauti, ilhali joto na umri wa nzi jike hubadili kiasi cha kuvukana. Ukichukua jeni zote tatu katika jaribio moja, na ukatumia umbali mfupi usio na nafasi ya kuvukana mara mbili, jumla inalingana na mstari. Tangu hapo wapimaji wa jeni hujumlisha vipande vifupi. Kipimo kirefu cha jeni mbili hakiaminiki, maana asilimia yake haivuki 50 hata ramani ikiwa ndefu kiasi gani.

Wale watano wana siri nyingine. Kama kuvukana kushoto hakuhusiani na kuvukana kulia, tungetarajia 0.063 mara 0.130 mara 1,000, yaani karibu 8. Tumepata 5. Kuvukana mahali pamoja huzuia kuvukana jirani yake, na hapa kizuizi ni takriban 0.39. Ila usikimbilie hitimisho kwa nzi watano tu. Jaribio likiwa na nzi mia mbili, kundi hilo linaweza kukosekana kabisa, na mpangilio wa jeni ukapotea nalo. Angalia pia jozi: 409 na 403 zinapatana, lakini kama kundi moja lingekuwa 409 na mwenzake 210, ungejua nzi dhaifu wamekufa kabla ya kuhesabiwa, na asilimia zako hazifai.

Haldane alipendekeza 1919 kipimo cha ramani kiitwe kwa jina la Morgan. Mwaka 1983 njia hiihii ya kupima kutengana kwa jeni, kwa alama za DNA badala ya macho na mbawa, ilionyesha kwamba jeni ya ugonjwa wa Huntington iko katika kromosomu ya 4.

Walimu wa biolojia, nawaomba jambo moja. Kabla ya kuandika kanuni ubaoni, wapeni wanafunzi makundi manane ya namba na hoja ya Castle, muwaache wamjibu wenyewe.