Kinauzwa, Lakini Kinauzika?

Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Watoto wakaweka kalamu chini, matokeo yakatoka Novemba, na kuanzia Januari 2024 hakukuwa tena na darasa la nane popote nchini. Katika maduka ya vitabu kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, Misikhu ikiwemo, vitabu vya marudio vya KCPE vilibaki kwenye rafu vikiwa safi na karatasi yake ya plastiki juu, na bei ileile nyuma. Swali la mwenye duka anapohesabu stoki tarehe 31 Desemba 2023 ni moja: vitabu hivi aviandike kwa shilingi ngapi?

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu bidhaa zilizobaki, IAS 2, kinajibu hivi: linganisha gharama ya bidhaa na kiasi ambacho ungekipata kwa kuiuza baada ya kutoa gharama za kuiuza, kisha uandike kilicho kidogo. Upande wa gharama hauna ugumu. Upande wa pili ndio unaohitaji jina zuri la Kiswahili.

Wengi huandika “thamani halisi ya mauzo”. Naona neno “halisi” linaponza hapo. Katika “uzito halisi” wa gunia la mahindi linamaanisha kilichobaki baada ya kutoa gunia lenyewe, na hiyo ndiyo maana tunayoitaka. Lakini likisimama karibu na “thamani”, msomaji husikia thamani ya kweli, ile ambayo kitu kinastahili, na mwenye duka ataapa kwamba kitabu cha shilingi 500 bado kinastahili 500. Nalo neno “mauzo” hurejelea yaliyokwisha kuuzwa, ilhali sisi tunakisia ambayo hayajauzwa. Napendekeza “thamani safi ya kuuzika”. “Safi” tayari iko katika “faida safi”, ikiwa na maana ya kilichobaki baada ya makato. Na “kuuzika” ina kiambishi kinachofanya kazi yote: kitabu kinaweza kuuzwa mwaka mzima, yaani kiko dukani na bei yake, bila kuuzika, yaani bila kupata mnunuzi. Wafanyabiashara wenyewe husema mali imelala. Kanuni nzima basi inasomeka: bidhaa iliyobaki huandikwa kwa gharama yake au kwa thamani safi ya kuuzika, ile iliyo ndogo.

Tuchukue duka la mfano hapo Misikhu. Januari 2023 lilinunua vitabu 120 vya marudio ya KCPE mjini Kitale kwa shilingi 340 kila kimoja, na kulipa shilingi 1,200 kusafirisha mzigo. Usafiri wa kuleta bidhaa mahali pa kuuzia ni sehemu ya gharama, kwa hiyo kila kitabu kiligharimu 350. Kiliuzwa 500. Mwisho wa mwaka vimebaki 60, vyenye gharama ya shilingi 21,000.

Sasa mnunuzi ni nani? Mtahiniwa hayupo. Yupo muuzaji wa vitabu vya mitumba mjini Bungoma ambaye yuko tayari kutoa shilingi 90 kwa kila nakala, kwa kuwa walimu huchota humo maswali ya hesabu. Kumpelekea mzigo wote ni shilingi 600, yaani 10 kwa kitabu. Thamani safi ya kuuzika ni 80, na kwa vitabu 60 ni shilingi 4,800. Tofauti ya 16,200 ni hasara ya mwaka 2023, hata kama hakuna kitabu kilichotoka dukani. Mwenye duka akisubiri hadi auze ndipo akubali hasara, faida ya 2023 itaonekana nono na ya 2024 itabeba mzigo usio wake. Na kama alichukua pesa za matumizi ya nyumbani kwa kutegemea faida hiyo nono, alikuwa anakula mtaji bila kujua.

Hapa ndipo pana mtego ninaouona mara nyingi. Duka hilo lina pia vitabu 40 vya kidato cha kwanza vilivyogharimu 480 kila kimoja, jumla 19,200, na vinauzwa 600. Havishushwi, kwa sababu Januari 2024 kidato cha kwanza kinaingia kama kawaida. Kuna na vitabu vya gredi vya mtaala mpya, gharama 30,000, vitakavyouzwa 42,000 papo hapo dukani. Ukijumlisha kila kitu, gharama ni 70,200, na thamani safi ya kuuzika ni 4,800, jumlisha 24,000, jumlisha 42,000, yaani 70,800. Kwa jumla hiyo inaonekana hakuna cha kushusha. Lakini faida ya vitabu vya gredi haijapatikana bado. Imetumiwa kuficha hasara ambayo tayari imetokea. Ndiyo maana ulinganisho hufanywa bidhaa kwa bidhaa, au kwa kundi la bidhaa zinazofanana kweli. Ukifanya hivyo, stoki inaandikwa 4,800, 19,200 na 30,000, jumla 54,000. Zile 16,200 zimerudi kuonekana.

Idadi nayo ina neno lake. Mtaala mpya ulianza gredi ya kwanza hadi ya tatu nchini kote Januari 2019, kwa hiyo kufikia Desemba 2022 kila muuza vitabu alijua kwamba KCPE imebakiza mwaka mmoja. Duka lililokuwa na nakala 300 wakati huo, huku likiuza 120 kwa mwaka, lilikuwa na nakala 180 zilizokwisha kulala ingawa bei ya kitabu sokoni ilikuwa bado 500. Anayetazama lebo peke yake hawezi kuliona jambo hilo. Anayeweka kando ya kila hesabu ya stoki idadi iliyouzwa mwaka uliopita huliona mara moja.

Vilevile, usishushe kisicho chako. Kama mchapishaji alileta vitabu kwa mapatano kwamba visipouzika vitarudishwa na umiliki unabaki wake, havimo kwenye stoki yako hata kidogo. Kwa vile ambavyo shule imeviagiza kwa bei iliyokubaliwa, thamani safi ya kuuzika hupimwa kwa bei hiyo ya mapatano.

Turudi kwenye duka la mfano. Mwaka 2024 zamu ilifika kwa kidato cha kwanza, kwa kuwa Januari 2025 hakikuwa na wanafunzi wapya. Tuseme nakala 15 zilikuwa zimebaki Desemba 2024. Hazikufa kama za KCPE: maswali ya KCSE hutoka pia katika kazi ya kidato cha kwanza, na mtihani huo wa 8-4-4 umepangwa kuendelea hadi 2027. Mwenye duka anakadiria kwamba watahiniwa watazinunua kwa 300, basi anashusha 180 kwa kila kitabu, jumla 2,700. Ikiwa mwisho wa mwaka 2025 nakala zilizobaki zinatafutwa tena na zinauzika kwa 520, anazipandisha hadi 480 zilizogharimu, na gharama ya mauzo ya mwaka 2025 inapungua kwa kiasi kilichopandishwa. Zile 40 za juu yake zinangoja siku mnunuzi atakapolipa.