Mkwe Kasema "Usiku Mwema", Mama Yuko Kwenye Mswala!

Majina nayahifadhi, maana wahusika wapo na ndoa ipo. Jamaa anaishi Toronto, mchumba wake kwao Tanga. Barua ya posa ilikuwa imeshapokelewa na mahari inajadiliwa. Usiku mmoja wa Julai, jamaa akaona amsalimie mama mkwe kabla hajalala. Akaandika: "Habari za jioni mama, usiku mwema." Kwake ilikuwa saa 4 na nusu usiku. Tanga ilikuwa saa 11 na nusu alfajiri, mama ndo kwanza amemaliza kuswali. Akamwita binti yake, akamwonyesha simu: "Huyu mchumba wako analewa?"

Unaweza kucheka, ila wazee wetu wasingeingia kwenye mtego huu, na sababu ni historia.

Enzi za barua, salamu haikuwa na saa kabisa. Kumbuka zile barua za shuleni: "Natumaini hujambo na unaendelea vizuri. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima." Hakuna asubuhi wala jioni humo, maana mwandishi hakujua barua itafika lini, wiki hii au mwezi ujao. Kwa hiyo walitumia salamu zisizochacha: hujambo, shikamoo, asalaam aleikum. Sabalkheri na masalkheri, ambazo Waswahili wa pwani walizitoa kwenye Kiarabu, zilibaki za ana kwa ana. Mnaonana, na jua mnaliona wote.

Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari ukafika Zanzibar, na habari ya mbali ikaanza kufika siku ileile. Miaka mitano baadaye, Oktoba 1884, wajumbe wa nchi 25 wakakutana Washington na kukubaliana kuwa dunia ihesabu saa kuanzia Greenwich, Uingereza. Leo Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele ya hapo. Meseji ya kwanza ya simu ya mkononi ikatumwa Desemba 1992, na haikuwa na "asubuhi" wala "jioni". Ilikuwa salamu ya Krismasi. Sisi ndo tuliochukua salamu za ana kwa ana tukazirusha kuvuka bahari.

Sasa hesabu. Kipindi cha joto, Tanga iko mbele ya Toronto kwa saa 7. Na saa yetu ya Kiswahili inarahisisha mambo: chukua saa ya Toronto kwa Kiswahili, jumlisha 7. Ukivuka 12, toa 12 kisha geuza, mchana uwe usiku na usiku uwe mchana. Saa 8 mchana Toronto, jumlisha 7 unapata 15. Toa 12, inabaki 3, na mchana umegeuka: Tanga ni saa 3 usiku. Yule jamaa alikuwa na 4 na nusu usiku. Jumlisha 7 ni 11 na nusu, hajavuka 12, kwa hiyo ni usiku uleule ukielekea kucha. Angeijua hiyo, angeandika "shikamoo mama, umeamkaje?" na mambo yangeisha.

Aliomba radhi, akafundishwa hesabu, wakapanga kupigiana video kila Jumapili saa 2 usiku ya Tanga, yaani saa 7 mchana kwake. Mambo yakaenda hadi Novemba. Jumapili ya kwanza ya mwezi huo Toronto wanarudisha saa nyuma, sisi hatugusi chochote, tofauti inakuwa saa 8. Jamaa akapiga saa 7 mchana kama kawaida. Tanga ilishakuwa saa 3 usiku, na mama alikuwa amekaa na kitenge chake kipya saa nzima akisubiri. Kule saa zinasogezwa mbele tena Jumapili ya pili ya Machi, ndipo unarudi kwenye 7.

Kwa hiyo kwenye simu yako fungua saa za dunia, ongeza Dar es Salaam, na uangalie AM au PM kabla ya kuandika. Simu inajua mabadiliko ya Novemba, kichwa chako kinasahau. Lakini hata hiyo ina mpaka wake: inakwambia kule ni saa ngapi sasa, haikwambii mama atafungua meseji saa ngapi. Ukituma "za asubuhi" naye simu haina chaji, ataisoma jioni.

Ndo maana yule jamaa siku hizi anaandika "Shikamoo mama, habari za huko?" tu. Na meseji ikiangukia usiku wa manane wa Tanga, haitumi, anangoja kukuche. Kwetu simu ikilia saa 8 usiku, mtu anawaza msiba kabla hajawaza salamu.

Mahari ilishapokelewa. Mama bado anamtania: "Mkwe, leo ni jioni au alfajiri?"